TSH imepanda na dozi haijabadilika: panga saa za kidonge cha tezi kwanza

Mwongozo huu ni wa mtu mzima anayetumia livothairoksini, yaani homoni ya tezi ya kidonge, kwa sababu tezi ya shingo imedhoofika au imeondolewa kwa upasuaji, ambaye majibu yake ya TSH, kipimo cha damu kinachopanda homoni hiyo ikipungua, yalikuwa mazuri kwa muda mrefu, kisha yakapanda ilhali anameza dozi ileile. Mimi ni mfamasia, duka langu liko Ngamiani hapa Tanga. Karatasi ya kuongezewa dozi inapofika mezani kwangu, swali langu la kwanza huwa ni saa anayomeza kidonge na vitu anavyovimeza pamoja nacho.

Nitafuata habari ya mama mmoja mwenye miaka 41 na uzito wa kilo 62, muuza samaki pale Deep Sea. Tezi yake yote ilitolewa miaka ya nyuma, na alikuwa akimeza mikrogramu 100 kila siku. Dozi hiyo inalingana na mwili wake, kwani asiye na tezi kabisa huhitaji takriban mikrogramu 1.6 kwa kila kilo, yaani kama 99 kwake. TSH yake ilizoea kukaa kwenye 2. Safari hii ikaja 11.8, wakati maabara nyingi huhesabu 0.4 hadi 4.0 kuwa kawaida. Daktari akaandika mikrogramu 125.

"Mama, kidonge cha shingo unakimeza saa ngapi?"

"Asubuhi, mwanangu, pamoja na vile vya damu, ili nisisahau."

"Na chai?"

"Papo hapo. Chai ya maziwa na mahamri, nawahi boti."

Vidonge vya damu alianzishiwa miezi mitatu kabla ya kipimo, kwa sababu hedhi ilikuwa nzito na damu imepungua. Nilipozidi kuuliza, akataja pia kidonge cha kalsiamu alichojinunulia kwa ajili ya magoti. Hicho daktari hakukijua.

Hatua ya 1: Andika kila kinachopita kinywani kuanzia unapoamka hadi saa sita mchana

Fanya hivyo kwa siku tatu, pamoja na saa zake. Usiandike dawa za hospitali peke yake. Andika chai, maziwa, kahawa, vidonge vya mifupa, vitamini zenye madini, na dawa za kiungulia za kutafuna au za maji. Watu husahau hizi za mwisho kwa sababu hawazihesabu kuwa dawa, na nyingi zina aluminiamu au magnesiamu, ambazo nazo huizuia homoni.

Livothairoksini hufyonzwa kwenye utumbo mdogo, na hata tumbo likiwa tupu si yote inayopita. Ni kama asilimia 70 hadi 80. Madini ya chuma yakikutana nayo tumboni hushikamana nayo, na kile kinachotokea hapo utumbo hauwezi kukifyonza. Kalsiamu nayo huinasa. Homoni huishia chooni, ingawa mgonjwa amemeza kidonge chake kwa uaminifu kila siku. Ndiyo maana swali la "umeruka dozi?" halikutosha kwa mama huyu. Hakuwa ameruka hata moja.

Kulikuwa na jambo jingine lililonisikitisha katika habari yake. Homoni ya tezi ikipungua, hedhi ya mwanamke inaweza kuwa nzito zaidi. Hedhi nzito hupunguza damu, damu ikipungua anapewa madini ya chuma, na chuma kikimezwa pamoja na kidonge cha tezi homoni inazidi kupungua. Alikuwa anazunguka humo bila kujua.

Hatua ya 2: Chagua saa moja ya kidonge na uishike

Saa inayowafaa wengi ni unapoamka. Meza kidonge na maji matupu, kisha kaa nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai, kahawa au chakula. Saa nzima ni bora. Kwa anayeamka kwa swala ya alfajiri mpango ni rahisi: anameza akiamka, na hadi aswali, atayarishe watoto na chai ichemke, muda umeshapita. Kahawa chungu isiyo na maziwa nayo ingoje, maana hupunguza ufyonzaji hata ikiwa tupu.

Kama asubuhi yako haina utulivu, meza usiku unapolala, angalau saa tatu baada ya mlo wa mwisho. Usiku unafaa sawa na asubuhi, mradi tumbo liwe tupu kweli. Anayekula saa moja jioni na kulala saa nne usiku anaweza. Anayekula saa tatu na kulala saa nne asichague njia hii.

Mama wa Deep Sea kwanza alitaka usiku. Ilikuwa vigumu kwake, kwa sababu alikuwa na kalsiamu na chuma vya kupangia nafasi, na akitoka sokoni hula jioni sana. Tukakubaliana kidonge kikae kando ya kitanda na kikombe cha maji, akimeze saa kumi alfajiri simu inapomwamsha. Chai aliihamishia sokoni, saa kumi na moja na nusu, na hakulazimika kuacha mahamri yake.

Neno dogo kuhusu kukihifadhi: kiache ndani ya karatasi yake ya kiwandani, mbali na jua, jiko na unyevu. Joto la pwani huiharibu dawa hii.

Hatua ya 3: Sogeza chuma na kalsiamu kwa saa nne

Saa nne ni kiasi cha chini baina ya livothairoksini na vidonge vya damu, kalsiamu au dawa za kiungulia zenye madini. Saa moja inayotosha kwa chai haitoshi kwa hivi, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Wanaacha nafasi kweli, lakini wanaacha ile ya chakula.

Vidonge vya damu tulivipeleka saa sita mchana, avimeze na maji au juisi ya chungwa. Wakati huo machungwa ya Muheza yalikuwa tele sokoni, na vitamini C husaidia chuma kufyonzwa. Chai, kinyume chake, hukizuia chuma, kwa hiyo hata kama asingekuwa na tatizo la tezi, kuvimeza na chai kulikuwa kunampunguzia faida. Kalsiamu ilikwenda na chakula cha jioni, nayo mbali na chuma kwa kuwa hivyo viwili hugombana. Tena nilimwomba amweleze daktari kwamba anaitumia.

Dawa za vidonda vya tumbo za aina ya omeprazo ni habari nyingine. Hizo hupunguza asidi ya tumbo kwa siku nzima, hivyo kutenganisha saa hakuziondolei athari. Anayezitumia kwa muda mrefu aseme, kwa sababu huenda akahitaji dozi tofauti ya homoni.

Hatua ya 4: Dozi ibaki, kisha ngoja wiki 6 hadi 8

Hapa nilimpigia daktari wake simu kabla ya kutoa dawa, nikamweleza saa za vidonge na ile kalsiamu. Akakubali abaki na mikrogramu 100 na kupima tena baada ya wiki 8. Usiamue jambo hili peke yako wala usimwachie mfamasia aliamue peke yake. Mwenye mimba, mwenye ugonjwa wa moyo, au aliyezidiwa na usingizi mzito, baridi mwilini na kuchanganyikiwa hangoji wiki 8, anakwenda hospitali.

Muda huu mrefu una sababu. Nusu ya homoni iliyomo mwilini huisha kwa kama siku 7, hivyo kiwango kipya hutulia baada ya wiki tano hivi. TSH yenyewe hutoka kwenye tezi ndogo chini ya ubongo, na kazi yake ni kama ya mtu anayebisha hodi: asipoitikiwa anabisha kwa nguvu zaidi. Homoni ikiwa chache TSH hupanda, ikizidi TSH hushuka. Ukipima baada ya wiki mbili utasikia hodi za zamani na utabadilisha dozi bure.

Hatua ya 5: Siku ya kupima

Nenda asubuhi, maabara ileile kama inawezekana. Usimeze kidonge kabla ya kutolewa damu. Kimeze baadaye, kwa sababu kikimezwa muda mfupi kabla hupandisha T4, yaani homoni yenyewe ya tezi, kwenye majibu kwa saa chache. Ukitumia vitamini za nywele na kucha zenye biotini, ziache angalau siku mbili kabla, maana katika mashine nyingi huifanya TSH ionekane ya chini kuliko ilivyo.

Majibu ya mama yalirudi 3.1. Dozi haikuguswa. Fikiria kama angehamia 125 bila kubadilisha saa: miezi michache mbele vidonge vya damu vingekwisha, homoni nyingi zaidi ingeanza kupita, naye angeanza kusikia moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka na usingizi kupotea. Dozi iliyozidi kwa muda mrefu huweza kuharibu mapigo ya moyo na kudhoofisha mifupa.

Na kama majibu yangerudi 8 baada ya saa kupangwa vizuri? Basi dozi kweli haitoshi. Daktari kwa kawaida huongeza mikrogramu 12.5 hadi 25, kisha kipimo kinarudiwa tena baada ya wiki 6 hadi 8. Mzee au mwenye moyo mgonjwa huongezewa hatua ndogo zaidi. Ukibadilishiwa kiwanda cha dawa, pima vilevile baada ya muda huohuo.

Ramadhani

Swali hili huja kila mwaka. Ratiba rahisi ni kuamka mapema kidogo, kumeza kidonge na maji kama saa tisa na dakika arobaini na tano usiku, na kula daku saa kumi na nusu. Vidonge vya damu vingoje futari, vitakuwa mbali kabisa. Anayependa kumeza wakati wa kulala ahesabu saa tatu tangu alipoacha kula, na baada ya tarawehe watu wengi bado wanakula, kwa hiyo awe mkweli katika hesabu hiyo.

Ukishika mimba

Hapa mpangilio wa kungoja unageuka. Mahitaji ya homoni hupanda mapema, kwa robo hadi theluthi ya dozi, na mtoto anaitegemea homoni ya mama katika miezi ya mwanzo. Hedhi ikikosekana na kipimo kikathibitisha, nenda kwa daktari siku hizohizo. Wengi huelekezwa kumeza vidonge 9 kwa wiki badala ya 7, yaani siku mbili za wiki unameza viwili, na TSH hupimwa kila wiki 4 hadi katikati ya ujauzito. Huko kliniki utapewa vidonge vya damu vyenye foliki asidi. Vipokee na uvimeze, ila waambie wauguzi unatumia dawa ya tezi, na uviweke mchana.