Mayonezi au holandezi ikikatika: jinsi ya kuirudisha

Sosi hizi mbili hukatika kwa namna inayofanana, na dawa zake zinakaribiana. Ukishajua kilichotokea ndani ya bakuli, hutatupa mayai wala mafuta kwa haraka. Tuanze na mayonezi, kwa kuwa haina moto na makosa yake huonekana wazi. Holandezi itafuata.

Kinachokatika ni nini

Mayonezi ni mafuta yaliyovunjwavunjwa kuwa matone madogo mno na kutawanyika ndani ya maji kidogo. Maji hayo hutoka kwenye siki au ndimu na kwenye kiini chenyewe, maana karibu nusu ya kiini cha yai ni maji. Kiini pia kina lesithini na protini zinazolizingira kila tone la mafuta ili lisiungane na jirani yake. Sosi ikikatika, matone yameshaungana na mafuta yamerudi kuwa dimbwi. Wapishi wa pwani wameuona mkasa wa aina hii kwenye tui lililochemshwa kwa moto mkali bila kukorogwa.

Watu wengi hukimbilia kusema yai lilikuwa dogo au halikuwa zuri. Mara nyingi yai halina kosa. Kilichopungua ni maji, au mafuta yaliingia upesi kuliko mkono ulivyoweza kuyavunja.

Vipimo vya kuanzia

Kiini 1, haradali kijiko 1 cha chai, siki au maji ya ndimu kijiko 1 cha chakula, chumvi kidogo, na mafuta ya alizeti mililita 200. Yai lisiwe limetoka kwenye friji sasa hivi: kiini cha baridi ni kizito na hakichanganyiki upesi. Likae nje nusu saa.

1. Piga kiini, haradali, siki na chumvi kwa waya wa kupigia mayai mpaka viwe kitu kimoja. Tandika kitambaa kibichi chini ya bakuli ili lisizunguke, mkono mmoja ubaki huru kumimina mafuta.

2. Mafuta ya mwanzo, kama vijiko 3 vya chakula, yaingie tone kwa tone huku unapiga bila kusimama. Hapa ndipo mayonezi nyingi hufa. Mafuta mengi yakiingia wakati sosi bado nyepesi, hayavunjiki, yanateleza tu kuuzunguka waya.

3. Sosi ikiwa nzito na imepauka, mimina kwa uzi mwembamba. Kila mara simama kumimina, piga, uangalie kama mafuta yote yameingia.

4. Ikiwa nzito kiasi kwamba inaganda kwenye waya na haidondoki, ongeza kijiko 1 cha chai cha maji kabla ya kuendelea na mafuta. Hatua hii hurukwa sana, kwa sababu mtu huona uzito na kufurahi. Lakini mayonezi nzito kupita kiasi ni ile ambayo matone yake yamebanana na maji ya kuyatenganisha yamekwisha. Vijiko viwili zaidi vya mafuta, na inaachia yote kwa mara moja.

Dalili ya kwanza ni mng'ao wa mafuta kwenye ukingo wa bakuli. Ukiuona, acha kumimina na piga kwa nguvu nusu dakika, maana mara nyingi bado inarudi. Ikishakuwa nyepesi ghafla, yenye chembechembe, na waya hauachi alama juu yake, imekatika. Usiendelee kuipiga kwa hasira wala usiongeze mafuta.

Kuirudisha mayonezi

Chukua bakuli jingine safi. Weka kijiko 1 cha chakula cha maji ya moto, na haradali kijiko 1 cha chai kama unayo. Sasa sosi iliyokatika ndiyo inayochukua nafasi ya mafuta: tia kijiko kimoja cha chai ndani ya maji yale, piga mpaka kiwe cheupe na laini, kisha kingine. Ukishapata vijiko vitano au sita vya chakula vya sosi iliyoshika, unaweza kumimina iliyobaki kwa uzi mwembamba.

Maji matupu yanafaa kwa sababu kiini cha kwanza bado kimo ndani ya ile iliyokatika, na lesithini yake haijapotea. Kama sosi imekaa mpaka mafuta yamepanda juu kabisa, yamwage kwenye kikombe, piga kile kilichobaki chini pamoja na kijiko cha maji, halafu rudisha mafuta tone kwa tone kama unaanza upya.

Ukitaka uhakika zaidi, tumia kiini kipya badala ya maji, kwa utaratibu huohuo. Kitakugharimu yai, na sosi itakuwa na ladha nzito zaidi ya yai. Itaweza pia kubeba mililita 100 hivi zaidi za mafuta.

Holandezi

Hapa mafuta ni siagi na kuna moto, kwa hiyo hatari zinaongezeka: yai linaweza kuiva, na siagi inaweza kuganda.

Vipimo: viini 3, maji kijiko 1 cha chakula, maji ya ndimu kijiko 1 cha chakula, siagi gramu 170 iliyoyeyushwa na kupoa kidogo, iwe ya moto unaostahimilika na kidole. Weka bakuli juu ya sufuria yenye maji yanayochemka polepole, chini ya bakuli lisiguse maji. Piga viini, maji na ndimu mpaka vivimbe na waya uache mfereji unaokuonyesha kitako cha bakuli kwa nukta moja. Kwenye kipimajoto ni kama nyuzi 60 hadi 65. Toa motoni, kisha siagi iingie kidogo kidogo kama mafuta ya mayonezi.

Ikiharibika, jua kwanza imeharibikaje. Chukua tone, lisugue kati ya vidole viwili. Ukihisi chembe kama za uji wa semolina, yai limeiva. Ukihisi ulaini tu na mafuta yanayoteleza, yai ni zima na sosi imekatika.

Iliyokatika ikiwa ya moto mno: toa motoni, weka kitako cha bakuli kwenye maji ya baridi, tia kijiko 1 cha maji ya baridi ukingoni na upige hapohapo kwanza, kisha panua mduara taratibu mpaka uivute sosi yote. Iliyokatika kwa kupoa na siagi kuganda: fanya vilevile, ila kwa maji ya moto na kwenye bakuli jipya, ukiingiza sosi kijiko kwa kijiko.

Yai likiwa limeanza kuiva, ichuje kwenye chujio laini. Piga kiini 1 kipya na kijiko 1 cha maji juu ya mvuke mpaka kiwe kizito, kisha ingiza ile uliyoichuja polepole. Lakini mabonge yakishakuwa makubwa kama ya mayai ya kuvuruga, hayo hayarudi. Okoa siagi kwa kuichuja, mayai anza mengine.

Maswali ya wanachama

Mama Nasra: Shikamoo mwalimu. Mimi niliongeza kiini cha pili kama wanavyosema wengi, bado ikabaki maji maji. Yai lilikuwa bovu?

*Marahaba mama. Yai halikuwa na shida. Bila shaka ulikitia kiini ndani ya bakuli la sosi iliyokatika. Hapo kiini kimoja kinakutana na dimbwi zima la mafuta kwa mkupuo. Geuza: kiini kwenye bakuli safi, sosi iingie humo kidogo kidogo. Hata hiyo uliyo nayo bado inaokoka kwa njia hiyo.*

Jiko la Tanga: Naweza kutumia samli kwenye holandezi? Siagi hapa bei imepanda.

*Inawezekana, na inatoa sosi nzito. Ila siagi ina maji kama asilimia 16, samli haina. Kwenye gramu 170 za siagi unapata karibu gramu 27 za maji bila kujua. Kwa hiyo ukitumia samli, punguza iwe gramu 140 na uongeze maji ya vuguvugu vijiko viwili vya chakula visivyojaa, kimoja mwanzoni kwenye viini na kingine sosi inapoanza kuwa nzito. Usipoongeza itakatika karibu na mwisho, nawe utalaumu moto. Samli yenye harufu kali itafunika ndimu, chagua changa.*

Kaka Rama: Blenda yangu ya jagi inashindwa kabisa, mafuta yanaelea juu.

*Kiini kimoja ni kidogo, visu vinazunguka juu yake bila kukigusa. Tumia yai zima, au viini vitatu na mafuta mara tatu. Kwa blenda ya mkono ni rahisi zaidi: chombo chembamba kinachokaribiana na upana wa kichwa chake, yai chini, kichwa kikae juu ya kiini, washa na usiinue mpaka uone weupe umepanda.*

Dada Mwajuma: Nilitengeneza kwa mafuta ya nazi, ilitoka nzuri. Asubuhi nimeitoa kwenye friji, bonge, na ilipoyeyuka ikaachana. Kosa langu?

*Mafuta ya nazi huanza kuganda kwenye nyuzi kama 24, kwa hiyo ndani ya friji ni jiwe. Yakiganda, chembe zake hutoboa utando unaozunguka matone, na yakiyeyuka yanaungana. Mafuta ya zeituni nayo yanaweza kuleta shida hiyo kwenye friji kali. Ya alizeti huvumilia, ila freza haifai kwa mayonezi yoyote ya nyumbani. Hiyo yako iache iyeyuke kabisa, kisha ifanyie njia ya maji ya moto na uile siku hiyohiyo. Nyingine tengeneza kwa alizeti, na kwa kuwa yai ni bichi, iishe ndani ya siku mbili tatu hata ikiwa kwenye friji. Mjamzito, mtoto mdogo na mgonjwa wasipewe.*

Shefu Juma: Tunaandaa kifungua kinywa cha watu 20. Holandezi naiwekaje isikatike wala isipoe?

*Chupa ya chai. Isuuze kwa maji ya moto, imwage, mimina sosi, funga. Kabla ya kuifunga punguza uzito kwa kijiko cha maji ya moto, maana inazidi kukaza ikikaa. Usiiache juu ya sufuria inayochemka, itaiva polepole huku unahudumia. Isizidi saa moja na nusu, na itakayobaki usiihifadhi.*