Karafuu zile zile, mchele pungufu: namna ya kupima pato linaloliwa na bei

Inatokea Pemba mikarafuu ikazaa vizuri, majamvi yakajaa karafuu kuanzia Konde hadi Mkoani, takwimu zikasema uchumi umekua, na bado watu wakalalamika kwamba maisha yamebana. Malalamiko hayo yanaweza kuwa ya kweli na takwimu nazo zikawa sahihi. Pato la Taifa kwa bei za mwaka wa kizio, yaani mwaka uliochaguliwa kuwa msingi wa kulinganishia, linahesabu tumezalisha kiasi gani. Haliulizi tulichozalisha kinaweza kutununulia nini bandarini. Swali hilo la pili hujibiwa na uwiano wa bei za biashara, yaani bei ya tunachouza nje ikilinganishwa na bei ya tunachoagiza. Nitaonesha hesabu yake kwa kisiwa cha mfano kinachouza karafuu peke yake. Tarakimu za kisiwa hicho nimezitunga ili hesabu iwe nyepesi. Njia yenyewe ndiyo tunayoitumia kazini.

Hatua ya 1: Pata bei ya kuuzia nje

Kwa Zanzibar, ripoti za kila mwezi za uchumi za Benki Kuu ya Tanzania hutoa thamani ya karafuu zilizouzwa nje, tani zake, na bei ya wastani kwa tani. Tuseme mwaka wa kizio tani moja iliuzwa dola 6,000, na mwaka unaofuata dola 4,500. Gawanya ya pili kwa ya kwanza, zidisha kwa 100: fahirisi, yaani bei mpya pale ya mwaka wa kizio inapohesabiwa kuwa 100, ni 75.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Bei ya wastani ni thamani iliyogawanywa kwa tani, na kwenye orodha ya forodha kifungu 0907 kinachanganya karafuu na makonyo yake, yaani vijiti vilivyoshika karafuu. Makonyo ni rahisi sana kuliko karafuu kavu za daraja la kwanza. Mwaka ambao makonyo mengi yamesafirishwa, wastani utashuka hata kama bei ya karafuu haikutikisika. Ukiona wastani umeanguka ghafla wakati tani zimepanda ghafla, tenganisha vitu hivyo viwili kabla ya kuendelea.

Usitumie pia bei ambayo Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, humlipa mkulima. Hiyo hupangwa na Serikali, na inaweza kukaa pale pale huku soko la dunia likipanda na kushuka. Unayoitaka ni bei anayolipa mnunuzi wa nje.

Hatua ya 2: Tengeneza fahirisi ya bei za kuagizia

Vinavyoagizwa ni vingi, kwa hiyo kila kimoja kipewe uzito kulingana na fedha zilizotumika kukinunua mwaka wa kizio. Kisiwa chetu kilitumia 50% kwa mchele, 30% kwa mafuta, na 20% kwa sukari na unga wa ngano. Mwaka wa pili mchele umepanda 10%, mafuta 20%, sukari na unga havikubadilika.

```
0.50 × 110 + 0.30 × 120 + 0.20 × 100 = 111
```

Bei zote ziwe za sarafu moja. Ukiweka karafuu kwa shilingi na mchele kwa dola, shilingi ikishuka thamani utaona karafuu imepanda bei kumbe ni sarafu tu iliyosogea.

Hatua ya 3: Gawanya

```
75 ÷ 111 × 100 = 67.6
```

Uwiano umeshuka kutoka 100 hadi 67.6. Ili uielewe tarakimu hiyo, chukua gunia moja la karafuu kavu la kilo 50. Mwaka wa kizio lilileta dola 300, na polo la mchele la kilo 50 lilikuwa dola 25, kwa hiyo gunia moja la karafuu lilirudi na mapolo 12 ya mchele. Mwaka wa pili gunia lile lile linaleta dola 225, na polo limefika dola 27.50. Sasa linarudi na mapolo 8 na kilo 9 hivi. Mchumaji amekwea mkarafuu ule ule, karafuu zimeanikwa siku zile zile, hakuna hata punje iliyopungua. Mapolo karibu manne yamebaki kwa wenzetu tunaofanya nao biashara.

Hatua ya 4: Geuza uwiano uwe pato

Kisiwa kinauza tani 1,000 za karafuu, sawa na dola milioni 6. Shughuli nyingine, kama uvuvi, mihogo na ujenzi, zinazalisha milioni 14. Pato lote ni milioni 20. Mwaka wa pili kila kitu kimezalishwa kwa kiasi kile kile, kwa hiyo pato kwa bei za mwaka wa kizio limebaki milioni 20, na ukuaji ni sifuri.

Sasa chukua fedha zilizopatikana kwa karafuu mwaka wa pili, milioni 4.5, uzigawe kwa fahirisi ya bei za kuagizia, 1.11. Unapata milioni 4.05. Hicho ndicho ambacho karafuu zinaweza kununua, kwa bei za mwaka wa kizio. Tofauti yake na milioni 6 ni milioni 1.95, na hiyo ndiyo hasara ya kibiashara. Pato halisi la wananchi ni milioni 18.05 badala ya 20, limepungua 9.7% katika mwaka ambao uzalishaji haukupungua hata kidogo.

Kama huna muda, zidisha sehemu ya mauzo ya nje katika pato, 30%, kwa kushuka kwa uwiano, 32.4%. Utapata 9.7%. Njia hii inakuonesha pia kwa nini kisiwa kinachoishi kwa zao moja kinaumia kuliko nchi kubwa inayouza nje sehemu ndogo ya pato lake.

Hatua ya 5: Weka tani pembeni, kisha uzirudishe

Atakuja mtu aseme: tuchume zaidi. Zidisha uwiano kwa fahirisi ya tani uone. Mavuno yakipanda hadi tani 1,400, fahirisi ya tani ni 140, na 67.6 × 140 ÷ 100 inatoa uwezo wa kununua wa 94.6, bado chini ya 100. Kurudi tulipokuwa kunahitaji karibu tani 1,480, na mkarafuu uliopandwa leo hauzai kesho. Mikarafuu pia huzaa sana mwaka mmoja na kupumzika mwingine, kwa hiyo usilinganishe mwaka wa mzao mkubwa na mwaka wa mzao mdogo ukadhani umepima bei.

Zanzibar iliyapitia haya kwa ukali kuliko mfano wangu. Mnunuzi mkubwa wa karafuu zetu alikuwa Indonesia, kwa ajili ya sigara zake za kreteki, zinazochanganywa tumbaku na karafuu. Indonesia ilipopanda mikarafuu yake ikajitosheleza katika miaka ya 1980, bei ya dunia ikaanguka kutoka karibu dola 9,000 kwa tani mwanzoni mwa muongo huo hadi chini ya dola 1,000 katikati ya miaka ya 1990. Hata ukijaalia kwamba bei za kuagizia hazikupanda kabisa, uwiano unafika chini ya 12. Kuongeza tani kusingeziba pengo la namna hiyo.

Hatua ya 6: Tafuta nani amebeba hasara

Hesabu ya hatua ya 4 inasema kisiwa kimepoteza milioni 1.95, haisemi kimepoteza nani. Bei ya mkulima ikishuka pamoja na ya dunia, hasara iko Wete na Micheweni, na utaiona madukani. Serikali ikiishikilia bei ya mkulima, shirika linanunua ghali na kuuza rahisi, na hasara ile ile inahamia kwenye vitabu vyake na kwenye hazina. Kwa hiyo kila unapopata tarakimu ya hasara, weka pembeni yake bei ya mkulima na mizania ya shirika kwa mwaka huo huo. Na kwa Zanzibar ya sasa, ambako utalii unaingiza fedha za kigeni nyingi kuliko karafuu, bei za huduma za watalii lazima ziingie katika fahirisi ya hatua ya 1 kwa uzito wake. Ukiziacha, utakuwa umepima hali ya mkulima wa karafuu wa Pemba ukaiita ya Zanzibar nzima.