Umeng'atwa na mbwa au paka? Anza na sabuni, dakika 15

Pale mwaloni Kirumba mbwa na paka wanazunguka kwenye mabaki ya samaki siku nzima, na mtoto akimsogelea paka anayekula dagaa, anang'atwa kidole. Tundu dogo tu, damu kidogo. Hapo ndipo watu wengi hupuuza, kumbe jino la paka ni jembamba na hupenya ndani, na kichaa cha mbwa huweza kupita hapo.

Mpeleke bombani papo hapo. Maji yatiririke juu ya kidonda huku unasugua kwa sabuni, dakika 15 kamili ukiangalia saa. Bomba halitoi? Mtu ammiminie kidogo kidogo kutoka kwenye dumu. Kirusi cha kichaa cha mbwa kimevikwa utando wa mafuta, na sabuni huuvunja. Kisha kipake kidonda iodini kama ipo. Usitie unga wa betri wala majivu, na usifunge kidonda kwa kukibana.

Siku hiyohiyo nenda hospitali kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Kirusi husafiri kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni, na dalili zikishaanza karibu kila mgonjwa hufa. Vidoleni na usoni mishipa hiyo ni mingi, kwa hiyo usicheleweshe.

Mnyama akijulikana, afungwe na kuangaliwa siku 10. Lakini chanjo isisubiri siku hizo. Akibaki mzima, daktari anaweza kuisitisha. Akitoroka, au akiwa anatoka udenda na kung'ata ovyo, malizia dozi zote. Na usisahau kuuliza kuhusu chanjo ya pepopunda.