Jinsi ya Kumwandikia Mhadhiri Barua ya Kuomba Mapitio ya Swali la Mkwamo

Swali la mkwamo, yaani hali ambapo michakato inasubiriana bila mwisho, katika kozi ya mifumo endeshi hukatwa alama kwa sababu zinazotofautiana sana, na barua ya kuomba mapitio hupata jibu la maana pale tu inapotaja sababu inayohusika. Kwa hiyo, kabla ya kuandika lolote, kaa na karatasi yako, swali lenyewe na maelezo ya darasani, kisha ulijibu swali upya kana kwamba hujawahi kuliona.

Tuchukue mfano wa swali la alama 10. Mchoro wa ugawaji wa rasilimali unaonyesha R1 yenye nakala moja na R2 yenye nakala mbili. Mchakato P1 umeshika nakala moja ya R2 na unasubiri R1. P2 umeshika R1 na unasubiri R2. P3 umeshika nakala ya pili ya R2 na hausubiri kitu. Mwanafunzi aliulizwa kama mfumo umekwama, akajibu kwamba haujakwama, akapewa alama 4, na pembeni pakaandikwa "kuna mzunguko".

Mzunguko upo kweli: P1 unasubiri R1 iliyoshikwa na P2, na P2 unasubiri R2 ambayo nakala yake moja imeshikwa na P1. Kama kila rasilimali ingekuwa na nakala moja tu, mzunguko huo ungetosha kuthibitisha mkwamo. Hapa hautoshi, kwa sababu P3 ukimaliza kazi utaachia nakala yake ya R2, P2 utaichukua, utamaliza na kuachia R1, na hatimaye P1 nao utaendelea. Jibu la mwanafunzi ni sahihi, lakini swali la pili ni gumu zaidi: je, aliuandika mfuatano huo wa P3, P2, P1 kwenye karatasi, au aliuwaza tu? Anayesahihisha hutoa alama kwa kilichoandikwa. Kagua pia vitone vilivyo ndani ya kila kisanduku cha rasilimali, maana ndivyo vinavyoonyesha idadi ya nakala. Anayekiruka kitone kimoja hubadilisha jibu lote, na hilo linaweza kumtokea mwanafunzi au msahihishaji.

Ukishajua unasimama wapi, soma kanuni za mitihani za chuo chako ujue mwisho wa kuwasilisha ombi. Ombi kuhusu jaribio la katikati ya muhula kwa kawaida humalizwa na mhadhiri mwenyewe, ilhali mtihani wa mwisho huwa na utaratibu wake wa rufaa ambao barua hii haiwezi kuchukua nafasi yake. Kisha andika kwa ufupi, kwa mfano hivi:

"Mheshimiwa Daktari,

YAH: OMBI LA MAPITIO YA SWALI LA 3, JARIBIO LA KWANZA LA MIFUMO ENDESHI

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili. Jina langu na namba yangu ya usajili viko chini ya barua hii. Katika swali la 3(b) nilipata alama 4 kati ya 10, na maelezo ya pembeni yanaonyesha kuwa mchoro una mzunguko. Ninakubali kwamba mzunguko upo. Hata hivyo, kwa kuwa R2 ina nakala mbili na P3 hausubiri rasilimali yoyote, nilieleza katika mstari wa tano wa jibu langu kwamba michakato inaweza kumaliza kwa mpangilio wa P3, P2, P1.

Ninaomba kwa heshima uupitie mstari huo, na unieleze alama 6 zilikatwa kwa hoja ipi. Kama kuna hatua niliyopaswa kuonyesha na sikuionyesha, nitashukuru kuifahamu. Nimeambatisha nakala ya ukurasa husika.

Wako mtiifu,"

Barua hiyo inaomba mambo mawili, mapitio na maelezo, na haidai alama. Naona hilo ni la muhimu, kwa kuwa mhadhiri anayeombwa maelezo hulazimika kurudi kwenye mwongozo wake wa usahihishaji, na huko ndiko kosa, liwe lake au lako, linakoonekana. Usilinganishe karatasi yako na ya mwenzako ndani ya barua. Utamwingiza mtu asiyeomba kitu, na hata alama zake zinaweza kutiliwa shaka. Usiguse karatasi halisi kwa kalamu baada ya kurudishiwa, hata kwa kusahihisha herufi.

Iwapo mfuatano haukuandikwa kabisa, ondoa sentensi inayoutaja na ubakize ombi la maelezo peke yake. Peleka barua kwa barua pepe ya chuo au mkono kwa mkono ofisini kwa mhadhiri, na ubaki na nakala yenye tarehe. Ukikosa jibu huku mwisho wa maombi ukikaribia, mkumbushe mara moja kwa adabu, na baada ya hapo peleka nakala ileile kwa mkuu wa idara bila kubadilisha maneno yake.