Maziwa ya jioni yafike kituoni asubuhi bila kukataliwa: njia ya maji ya mserereko

Napokea maziwa kituoni huku Rungwe, na mengi ninayoyakataa asubuhi ni yaliyokamuliwa jana yake jioni. Wafugaji wengi wa Tukuyu wanaamini baridi yetu inatosha: ukungu umeshuka, watu wamejifunika mablanketi, basi keni likikaa pembeni mwa jiko litapoa lenyewe. Halipoi, au linapoa kwa kuchelewa mno. Hewa, hata ikiwa ya baridi, hunyonya joto polepole sana. Maji hunyonya haraka. Mwongozo huu ni wa mfugaji mwenye ng'ombe wawili watatu, asiye na tanki la kupozea, anayepata maji ya mserereko nyumbani na kupeleka maziwa mara moja kwa siku.

Nianze na mama mmoja anayetokea upande wa Kiwira. Alikuwa akileta lita 24 katika keni moja: lita 10 za jioni na lita 14 za asubuhi, zimechanganywa. Siku moja nikachanganya kijiko cha maziwa yake na kijiko cha spiriti, yakatoa chembechembe palepale, dalili ya maziwa ya kukataliwa.

"Mwanangu, haya nimekamua saa kumi na mbili, bado yana joto!"

"Ya asubuhi nayaamini, mama. Ya jana uliyaweka wapi?"

"Jikoni, kwenye kona. Usiku kulikuwa na baridi kweli."

Nilimwomba kesho yake alete makeni mawili. Ya asubuhi yalipita vizuri. Ya jioni yaligoma kwenye spiriti, na nilipoyachemsha kidogo kwenye kijiko yakaganda. Tukampa kipimajoto apime nyumbani. Maziwa yaliyotoka kwenye kiwele yakiwa na joto la mwili, na kuwekwa jikoni saa 11 na nusu jioni yakiwa nyuzi 34, saa 4 usiku yalikuwa bado nyuzi 24. Kwa saa zote hizo bakteria walikuwa kazini.

Hesabu yake ni hii. Maziwa yakiwa bado na joto, chukulia kwamba bakteria huongezeka maradufu kila nusu saa. Kwa saa 3 hiyo ni mara 6, yaani mmoja anakuwa 64. Ukianza na bakteria 5,000 kwa kila mililita, unafika 320,000. Ukianza na 100,000 kwa sababu keni lilikuwa na uchafu, unafika milioni 6 na zaidi. Kiwango cha Afrika Mashariki kinaweka maziwa ghafi ya daraja la kwanza chini ya 200,000 kwa mililita, na daraja la tatu linaishia milioni 2. Kwa hiyo mambo yako mawili, unaanza na wangapi na unawaachia joto kwa muda gani.

Hatua ya 1: Keni

Bakteria wengi hawatoki kwa ng'ombe mzima. Wanatoka kwenye chombo. Mara tu baada ya kumimina maziwa kituoni, suuza keni kwa maji ya baridi au ya uvuguvugu, usianze na ya moto, kwa sababu maji ya moto huyagandisha mabaki ya maziwa kwenye ukuta wa keni na baadaye yanakuwa utando mgumu wa manjano. Ndani ya utando huo bakteria wanajificha, sabuni haiwafikii. Kisha sugua kwa brashi, maji ya moto na sabuni isiyo na manukato, suuza tena, halafu mimina maji yanayochemka na uyazungushe mpaka kwenye shingo na kifuniko. Ligeuze chini juu kwenye kichanja, juani. Siku za mvua, ambazo kwetu ni nyingi, keni halikauki vizuri. Hapo limwagie tena maji yanayochemka kabla ya kukamua.

Usisugue kwa mchanga wala steliwaya, mikwaruzo ni maficho. Dawa ya klorini nayo huila alumini, ndiyo maana nasisitiza maji yanayochemka. Dumu la plastiki la mafuta ya kula sitalijadili sana: kama mkono hauingii, huwezi kulisafisha.

Hatua ya 2: Kukamua

Safisha kiwele kwa kitambaa na maji ya vuguvugu, kisha kikaushe kabisa. Hapa ndipo wengi wanapokosea, maana maji yanayochuruzika kutoka kwenye kiwele kilicholowa yanabeba kinyesi moja kwa moja hadi kwenye ndoo. Michirizi ya kwanza ya kila chuchu ikamulie kwenye kikombe cheusi. Ukiona vibonge au majimaji, maziwa ya ng'ombe huyo yasiingie kwenye keni. Mwisho chuja kwa kitambaa kilichochemshwa, na ukumbuke kwamba kuchuja kunaondoa majani na nywele tu, bakteria wanapita.

Hatua ya 3: Maji, ndani ya dakika chache

Tafuta pipa la plastiki lililokatwa, lenye upana wa sentimita 45 hivi. Keni la lita 10 likikaa katikati, linaingia maji lita 30 kulizunguka. Kipimo cha kuangalia ni kimoja: maji ya nje yafike usawa wa maziwa ya ndani. Yakiishia nusu, maziwa ya juu yatabaki na joto, na kwa bahati mbaya ya juu ndiyo yenye joto zaidi.

Tuseme maji ya bomba lako ni nyuzi 16 na maziwa ni 35. Lita 10 za maziwa na lita 30 za maji zikishagawana joto, vyote vinasimama kwenye nyuzi 20 na nusu. Hapo hata ukiacha mpaka alfajiri hakuna kitakachoshuka tena kwa maana, maana maji yenyewe yameshapata joto. Ndiyo sababu unamwaga maji hayo na kujaza mapya, na mara hii vyote vinashuka mpaka karibu 17. Maji ya kwanza yape kama nusu saa, ya pili nusu saa nyingine, na kabla ya kulala weka ya tatu. Maji ya kumwaga mpe ng'ombe. Mwenye bomba lenye nguvu anaweza kuyaacha yapite polepole, yakiingia chini na kutokea juu, asihangaike kumwaga.

Katika nusu saa ya kwanza koroga maziwa kila baada ya dakika tano hivi kwa mwiko mrefu wa alumini uliomwagiwa maji yanayochemka. Bila kukoroga, maziwa ya pembeni yanapoa na ya katikati yanabaki ya moto. Wakati huo kifuniko kisibanwe. Funika kwa kitambaa safi ili mvuke utoke. Yakishapoa, funga.

Wenye umeme huniuliza kuhusu friji. Keni la lita 10 lenye joto ndani ya friji ya nyumbani linapozwa na hewa, tatizo lile lile la kona ya jiko, na unaweza kufika usiku wa manane kabla halijapoa. Friji itumie kugandishia chupa za maji. Chupa moja ya lita moja na nusu iliyoganda, ukiitumbukiza kwenye maji ya pipa baada ya kubadilisha mara ya pili, inashusha maji na maziwa kama nyuzi 3. Chupa inakaa kwenye maji. Isiingie ndani ya maziwa hata ikiwa inaonekana safi.

Nyuzi 17 si nyuzi 4 za tanki letu. Bakteria wanapunguza mwendo, hawasimami. Umenunua usiku mmoja tu, kwa maziwa yaliyoanza yakiwa safi. Ukikosa gari asubuhi ukaamua kuyalaza tena, usinitegemee mimi kuyapokea.

Hatua ya 4: Asubuhi, makeni mawili

Usimimine maziwa ya asubuhi juu ya ya jioni. Lita 10 zenye nyuzi 17 ukizichanganya na lita 14 zenye nyuzi 35 unapata mchanganyiko wa nyuzi 27 na nusu: bakteria waliolala usiku kucha umewaamsha na kuwapa chakula kipya. Tena ya jioni yakiwa na kasoro, unapoteza lita 24 badala ya 10.

Wakati unakamua, keni la jioni libaki kwenye maji mpaka pikipiki ifike. La asubuhi lifike kituoni ndani ya saa mbili tangu kukamua. Njiani yafunike yote mawili kwa gunia la katani lililoloweshwa. Upepo wa pikipiki unalikausha na kuondoka na joto. Chagua keni linaloendana na kiasi cha maziwa, kwa kuwa keni nusu tupu kwenye barabara zetu za mashimo linasukwasukwa mpaka mafuta yanajitenga na kuelea kama punje za siagi.

Ukifika, koroga keni la jioni kabla sijachota. Malai hupanda juu usiku, na nikichota juu au chini peke yake laktometa, kipimo cha uzito wa maziwa, itasema jambo ambalo si kweli.

Yakikataliwa, uliza yamekataa nini

Spiriti haihesabu bakteria. Inaonyesha asidi, na asidi huonekana bakteria wakishakuwa wengi mno, kwa hiyo maziwa yanaweza kupita kwa spiriti na bado yakawa na hesabu kubwa. Upande wa pili, spiriti hukataa pia maziwa mabichi kabisa yenye chumvi zisizo za kawaida: ya ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele, dang'a ya siku za kwanza baada ya kuzaa, au ng'ombe anayekaribia kukauka.

Kwa hiyo mwombe mpokeaji ayachemshe kidogo mbele yako. Yakiganda kwa kuchemshwa, mara nyingi ni asidi: rudi kwenye keni na maji, hatua ya 1 na ya 3. Yakikataa spiriti lakini yakachemka vizuri bila kuganda, huenda tatizo liko bandani. Siku inayofuata leta sampuli ya kila ng'ombe kwenye kichupa chake kilichochemshwa, tumpate anayeharibu ya wenzake. Huyo mtenge, maziwa yake yasiingie kwenye keni, na akipewa dawa ya kiwele subiri siku zote zilizoandikwa kwenye kifungashio kabla ya kuleta tena.

Yule mama wa Kiwira aliweka pipa nyuma ya banda, karibu na bomba. Ya jioni sasa hufika yakiwa nyuzi 17 au 18, na tunayapima kwanza kabla ya ya asubuhi.