Acha shina refu unapong'oa kisiki

Ukitaka kung'oa mti mdogo uani, usilikate shina usawa wa ardhi. Bakiza mita 1 hadi 1.5, kwa sababu urefu huo ndio wenzo utakaokuzidishia nguvu. Baada ya kuhakikisha kwamba hakuna bomba wala waya uliofukiwa hapo, chimba mtaro kulizunguka shina, umbali wa sentimita 40 hivi, hadi mizizi ya pembeni ionekane, kisha uisafishe udongo kabla ya kuikata, maana changarawe huharibu makali ya shoka upesi sana. Kila mzizi mnene ukate mara mbili, karibu na shina na karibu na ukingo wa mtaro, utoe kipande cha katikati. Ukiukata mara moja tu, ncha zake huendelea kusukumana na kisiki hakipati nafasi ya kuyumba. Sasa lisukume shina huku na huku: pale udongo unapoinuka na kupasuka ndipo penye mzizi ambao bado umeshika. Likiinama, mtu mwingine alishikilie nawe ukate mzizi mkuu kwa chini, kwa ncha bapa ya mtaimbo.

Njia hii haifai kwa shina lililooza, kwani huvunjika ghafla na kumwangusha anayelisukuma, wala kwa mti wenye mzizi mkuu mnene uliozama wima. Shina likiwa limeshakatwa chini, weka jiwe bapa kama egemeo, upenyeze mtaimbo chini ya mzizi mnene na kuuinua upande mmoja baada ya mwingine.