Vijiti vya kiazi na chumvi: ona kwa mkono wako presha ya maji ndani ya seli

Wanafunzi wangu hapa Mbeya nawaanzishia hii mada kwa kiazi mbatata kibichi, kabla hata sijachora seli ubaoni. Juzi nilitumia vya Umalila nilivyonunua Mwanjelwa.

1. Chagua kiazi kigumu, menya ganda lote maana linazuia maji, kata vijiti vitatu vya senti 5, unene nusu senti.

2. Andaa vyombo viwili vya nusu lita. Kimoja maji matupu, kingine koroga vijiko viwili vya chai vya chumvi. Tumbukiza kijiti kimoja kimoja, cha tatu weka pembeni.

3. Baada ya masaa mawili futa na upime. Changu cha maji matupu kilifika milimita 52, ukikikunja kinakatika ko! Cha chumvi kilishuka hadi 46 na kinapinda kama mpira.

Sasa hapo ndo pa kukaa kidogo. Seli iliyokomaa karibu yote ni vakuoli, mfuko mmoja mkubwa wa maji yenye sukari na chumvichumvi, kwa hiyo maji ya nje yanavutwa kuingia, vakuoli inavimba inasukuma utando mpaka unabana kwenye ukuta. Ukuta una nyuzi za selulosi, unavutika kidogo tu afu unagoma, na huko kugoma ndo kunazaa presha, mara nyingi bar 3 mpaka 10 wakati tairi la gari dogo ni bar 2 na kitu. Bila ukuta seli ingepasuka. Kwenye chumvi maji yanatoka, vakuoli inasinyaa, ukuta unabaki hauna wa kuusukuma.

Wanafunzi huwa wananiuliza, mwalimu, si tumekata kwa kisu, mbona maji hayavuji yote? Seli zimeungana kwa plazmodesmata, vinjia vyembamba mno vinavyopita ukutani, humo maji na sukari vinagawana kati ya majirani. Seli ya ukingoni ikikatwa presha yake inaanguka ghafla, ile tofauti yenyewe inafanya vinjia vya jirani vizibe, hivyo hasara inaishia safu ya juu.

4. Kijiti kilicholegea kihamishie maji matupu. Baada ya saa moja au mbili kinaanza kukaza tena. Ukikilaza kwenye chumvi usiku kucha utando unaweza kufa na hakirudi.

5. Cha tatu chemsha dakika tano, kikipoa kiweke maji matupu. Hakikazi hata ukisubiri mpaka kesho, ukuta upo ingawa umelainika, ila utando umeharibika na vakuoli haishiki tena sukari yake.

Kwenye kiazi hutauona utando ukiachana na ukuta. Kama una hadubini bandua ngozi ya kitunguu chekundu, dondoshea maji ya chumvi, ile rangi iko ndani ya vakuoli kwa hiyo utaiona inajikusanya katikati huku kuta zimebaki palepale.